Makato ya kadi usiyoyatambua: sema sababu sahihi kabla siku hazijaisha

SMS inaingia: kadi yako imelipa dola 64.00 kwa duka usilolijua. Wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna anayepiga simu huduma kwa wateja papo hapo na kusema "si mimi" bila kuangalia kitu kingine chochote. Na kuna anayenyamaza akisubiri aone kama pesa zitajirudisha zenyewe. Wa kwanza anaweza kushindwa dai ambalo lilikuwa la haki kabisa, na wa pili anaweza kupata dai zuri lakini siku zimeshapita.

Leo tunaangalia jinsi ya kupinga makato ya kadi: kujua ni makato ya aina gani, una siku ngapi, na ushahidi upi unasaidia kweli.

Kadi si kama kutuma pesa kwa namba isiyo sahihi

Ukituma pesa kwa simu kwa mtu usiyemkusudia, unaomba zirudishwe, na kampuni inaangalia kama bado ziko kwenye akaunti ya aliyepokea. Mambo huishia kati ya watu watatu.

Malipo ya kadi yana safari ndefu zaidi. Kuna wewe, kuna benki au kampuni iliyokupa kadi, kuna mtandao wa kadi kama Visa au Mastercard, kuna benki ya muuzaji, halafu muuzaji mwenyewe, ambaye huenda yuko nchi nyingine. Ukipinga makato, aliyekupa kadi hupeleka dai lako kupitia mtandao wa kadi hadi benki ya muuzaji, na muuzaji anapewa nafasi ya kujitetea kwa ushahidi wake.

Dai hilo haliendi na maneno "nirudishieni pesa" tu. Linaenda na sababu maalum. "Sikuidhinisha malipo haya" ni sababu moja. "Niliidhinisha zamani, lakini nilishafuta huduma" ni sababu nyingine. Kila sababu ina ushahidi wake, na muuzaji hujibu sababu uliyoitaja. Ukitaja isiyo yako, utajibiwa kwa jambo ambalo huwezi kulipinga.

Mfano wetu: mistari mitatu kwenye taarifa moja

Tuseme unauza viatu mtandaoni kutoka Nakuru. Una kadi ya Visa ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi yako ya simu, na unaitumia kulipia matangazo na huduma ndogo ndogo. Mwisho wa Machi unafungua taarifa ya akaunti na kukuta makato matatu usiyoyakumbuka:

- Tarehe 4 Machi: jina linaanza na GOOGLE *, Sh650.
- Tarehe 11 Machi: tovuti ya kutengeneza mabango ya matangazo, dola 12.99, ambazo kwa shilingi zimekuwa Sh1,740 hivi.
- Tarehe 22 Machi, saa tisa usiku: dola 1.00, kisha baada ya dakika nne dola 64.00, kwa duka la nguo za michezo la Ulaya. Hizo 64 peke yake ni karibu Sh8,600.

Ukiyaangalia haraka, yote matatu yanafanana: pesa zimetoka na hujui zilikwenda wapi. Lakini hizi ni kesi tatu tofauti.

Mstari wa kwanza: jina geni, malipo yako

Jina linaloonekana kwenye taarifa si lazima liwe jina la duka unalolijua. Linaweza kuwa jina la kampuni iliyosajili biashara, au jina la anayepokea malipo kwa niaba ya wengine. Ukiona GOOGLE *, APPLE.COM/BILL au PAYPAL *, mara nyingi uliyemlipa hasa ni mtu mwingine nyuma ya jina hilo.

Kwa hivyo anza na historia ya akaunti zako. Za Google utazipata pay.google.com kwenye sehemu ya shughuli, na za Apple utaziona reportaproblem.apple.com. Tafuta pia kwenye barua pepe yako kiasi chenyewe, kwa mfano "12.99", badala ya jina la duka. Kiasi hupatikana hata pale jina linapokuwa geni. Halafu uliza nyumbani. Kama mtoto anatumia simu yenye akaunti yako, huenda amenunua kitu ndani ya mchezo.

Katika mfano wetu, Sh650 inatokea kuwa nafasi ya kuhifadhi picha uliyojiandikisha mwaka jana. Hakuna cha kupinga hapo. Kama huitaki tena, ifute.

Ungekuwa umekimbilia kusema "si mimi", kadi yako ingefungwa na ungepewa nyingine, kwa sababu ndivyo inavyofanyika mtu akiripoti wizi. Matangazo yako yangesimama. Na muuzaji angekuwa na jibu tayari. Tangu Aprili 2023, kanuni za Visa zinamruhusu muuzaji wa mtandaoni kuonyesha malipo mawili ya awali ya kadi hiyo hiyo, yaliyofanyika kati ya siku 120 na 365 zilizopita na ambayo hukuyalalamikia, yakiwa na alama zinazofanana kama vile kifaa au anwani ya intaneti iliyotumika. Akiyaonyesha, dai la "si mimi" huanguka. Kama umekuwa ukiilipia huduma hiyo kila mwezi kutoka simu hiyo hiyo, ushahidi huo anao.

Mstari wa pili: ulikubali, kisha ukafuta

Sasa dola 12.99. Ukitafuta kwenye barua pepe unakumbuka: mwezi wa Februari ulijiandikisha kwa majaribio ya bure ya siku 14, ukaweka kadi, ukatengeneza mabango mawili. Tarehe 20 Februari ukafuta huduma. Lakini tarehe 11 Machi wamekata.

Hapa usiseme "si mimi". Ni wewe uliyeweka kadi, na tovuti ina rekodi. Sababu yako sahihi ni kwamba ulifuta huduma kabla ya tarehe ya makato, na bado wakakata. Kwa hiyo ushahidi wenye uzito ni ule unaoonyesha tarehe mbili, ya kufuta na ya kukatwa, na kwamba ya kufuta ndiyo ilitangulia.

Tafuta barua pepe ya "umefuta huduma". Kama haikutumwa, ingia kwenye akaunti yako ya tovuti hiyo na upige picha ya skrini sehemu inayoonyesha hali ya usajili. Kama ulifuta kwa kuwaandikia, hifadhi mazungumzo yote yakiwa na tarehe. Angalia pia kama walikukumbusha. Tangu Aprili 2020, Visa inamtaka muuzaji anayetoa majaribio ya bure amkumbushe mteja angalau siku 7 kabla ya kuanza kumtoza, na amwonyeshe jinsi ya kufuta. Kama ujumbe huo haukufika, liseme hilo kwenye dai.

Kabla ya kuwasilisha dai, mwandikie muuzaji uombe pesa zako, na umpe siku chache za kujibu. Wengi hurudisha, hasa kwa kiasi kidogo, na hata akikataa, barua yako na jibu lake ni ushahidi. Pesa zinazorudishwa na muuzaji zinaweza kuchukua siku kadhaa kuonekana kwenye kadi. Zikifika wakati tayari umeshafungua dai, toa taarifa. Usipokee pesa mara mbili kisha zikaja kukatwa wakati umeshazitumia.

Jambo moja linalowashangaza wengi: kubadilisha kadi hakufuti usajili. Mitandao ya kadi ina huduma zinazoweza kumpa muuzaji namba mpya ya kadi ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Kuacha kadi bila pesa nako si kufuta. Muuzaji atajaribu tena, na siku utakayoweka pesa anaweza kuzipata. Futa kwa muuzaji mwenyewe.

Mstari wa tatu: huu ndio wizi

Dola 1.00, kisha dola 64.00 baada ya dakika nne, usiku wa manane. Mwizi aliyenunua au kuiba namba za kadi mara nyingi hujaribu kwanza kiasi kidogo aone kama kadi inafanya kazi, kisha anavuta kikubwa. Dola 1.00 peke yake si wizi kila mara, maana programu halali pia hukagua kadi kwa kiasi kama hicho kisha wakakiachilia. Lakini ikifuatwa na manunuzi usiyoyajua, chukua hatua saa hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza ni kuzima kadi kwenye simu yako, kabla hata ya kupiga simu. Kisha toa taarifa kwa aliyekupa kadi na uombe namba ya dai. Iandike. Bila namba hiyo, kila ukipiga simu utaanza hadithi upya.

Huenda ukaambiwa malipo bado yako kwenye hali ya PENDING. Hii ina maana muuzaji ameshikilia pesa lakini hajazichukua rasmi. Dai la mtandao wa kadi hufunguliwa malipo yakishakamilika, na mengine huachiliwa yenyewe kabla ya hapo. Lakini usielewe kwamba unangoja bila kufanya kitu. Kadi inazimwa leo na ripoti inaingia leo, ila fomu ya kupinga ndiyo inasubiri malipo yakamilike.

Siku zako zinahesabiwaje

Kwa Visa na Mastercard, muda wa kawaida wa dai la malipo usiyoyaidhinisha ni siku 120. Watu wengi hukosea mahali pa kuanzia hesabu. Hazihesabiwi kuanzia siku ulipogundua, bali kuanzia malipo yalipopitishwa kwenye mtandao wa kadi, ambayo kwa kawaida ni siku moja au mbili baada ya kununua.

Turudi kwenye mfano. Ununuzi ni wa 22 Machi, ukapitishwa 23 Machi. Siku 120 kutoka hapo zinaishia 21 Julai. Ukifungua taarifa yako kwa mara ya kwanza mwezi wa Agosti, mlango wa Visa umeshafungwa, hata kama ushahidi wako hauna doa.

Na usijipangie hadi 21 Julai. Hizo 120 ni siku za aliyekupa kadi kufikisha dai kwenye mtandao, wala si siku zako wewe kufikiria. Yeye anahitaji muda wa kusoma fomu yako, kukuuliza kilichokosekana na kuandaa dai. Ndiyo maana masharti ya kadi nyingi yanakupa muda mfupi zaidi wa kutoa taarifa. Soma masharti ya kadi yako leo, tafuta neno "siku", na ujue muda wako hasa ni upi.

Kuna hesabu tofauti kwa bidhaa uliyolipia lakini haikufika. Hapo siku 120 kwa kawaida huanzia tarehe uliyoahidiwa kuipokea, si siku uliyolipa. Ndiyo sababu tarehe ya ahadi iliyoandikwa na muuzaji ni ya kuhifadhiwa.

OTP ilitumika au haikutumika?

Kwa malipo ya wizi, swali hili ndilo mara nyingi huamua nani atabeba hasara. Kama muuzaji hakuomba uthibitisho wowote, yaani namba za kadi zilitosha, dai lako dhidi yake lina nguvu. Kama malipo yalipita kwenye uthibitisho wa OTP au wa ndani ya programu, hasara ya wizi kwa kawaida huhama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa aliyekupa kadi. Naye atakuuliza: OTP hiyo ilimfikiaje mwizi?

Fungua SMS zako za usiku wa 22 Machi. Kama hakuna OTP iliyoingia, piga picha ya skrini ya orodha ya ujumbe wa usiku ule, ikionyesha uliotangulia na uliofuata. Kama OTP iliingia na hukumpa mtu, sema hivyo. Kama simu ilipoteza mtandao ghafla jioni ile, hiyo ni habari kubwa, kwa sababu huenda laini yako ilibadilishwa na mtu mwingine. Nenda kwa kampuni yako ya simu uombe taarifa ya lini laini ilibadilishwa, na uiambatanishe.

Na kama ulimsomea mtu OTP kwa simu kwa sababu alijifanya wa huduma kwa wateja, sema ukweli. Dai litakuwa gumu zaidi, lakini uongo unaogunduliwa kwenye rekodi huliua kabisa.

Ushahidi wa kukusanya jioni hiyo hiyo

Kwa dola 64.00, faili lako halihitaji kuwa nene. Linahitaji vitu hivi:

- SMS ya malipo, ikionyesha saa, kiasi na namba ya muamala.
- Ukurasa wa taarifa ya akaunti wenye mstari huo, jina la muuzaji likiwa vile vile lilivyoandikwa.
- Picha ya skrini inayoonyesha saa uliyozima kadi, na namba ya dai uliyopewa.
- Orodha ya SMS za saa hizo, kwa sababu ya swali la OTP.
- Namba ya OB kutoka kituo cha polisi, kama aliyekupa kadi anaiomba au kiasi ni kikubwa.

Kama malipo yalifanywa kwa kadi halisi kwenye mashine ya dukani, ongeza kinachoonyesha ulikuwa wapi. Tuseme kadi imetumika Mombasa saa sita mchana, na dakika kumi baadaye ulilipa chakula kwa simu Nakuru. Risiti hiyo ndogo inasema mengi kuliko barua ya kurasa mbili.

Usipige picha ya kadi yenyewe. Tarakimu nne za mwisho zinatosha. CVV, PIN na OTP haziingii kwenye dai lolote, na hakuna mfanyakazi halali atakayeziomba. Kuna matapeli wanaopiga simu wakidai wanakusaidia kurudisha pesa zilizokatwa, halafu wanaomba OTP "ya kurejesha". Kurudisha pesa hakuhitaji OTP yako. Kata simu.

Maelezo ya dai yawe mafupi. Kwa mfano:

"Napinga malipo mawili ya tarehe 22 Machi, dola 1.00 na dola 64.00, kwenye kadi inayoishia na 4417. Sikuyafanya wala kuyaidhinisha. Kadi ilikuwa kwangu. Sikupokea OTP na sikumpa mtu yeyote namba za kadi. Nilizima kadi saa kumi na mbili na robo asubuhi nilipoona SMS. Sijawahi kununua kwenye duka hili. Nimeambatanisha SMS, taarifa ya akaunti na picha za skrini."

Sentensi ya duka ni muhimu, lakini iandike tu kama ni kweli.

Baada ya kuwasilisha

Muuzaji hupewa wiki kadhaa kujibu, kwa hiyo dai huweza kuchukua mwezi mmoja au zaidi. Wengine watakurudishia pesa kwa muda wakati uchunguzi ukiendelea. Pesa hizo bado si zako moja kwa moja. Muuzaji akishinda, zitatolewa tena, kwa hiyo usizifanye za kodi ya nyumba.

Ukijibiwa kwamba dai limekataliwa, omba ushahidi alioutoa muuzaji. Uangalie kitu kimoja kimoja: bidhaa ilipelekwa anwani gani, barua pepe iliyotumika ni ya nani, kifaa kilikuwa kipi. Kama mzigo ulipelekwa mji wa Ulaya ambao hujawahi kufika, na barua pepe si yako, liandike hilo na ulirudishe haraka, maana hata hatua hii ina siku zake, na utaambiwa ni ngapi kwenye barua ya kukataliwa.

Kama aliyekupa kadi hajibu kabisa, andika malalamiko rasmi ukitaja namba ya dai na tarehe ya kila simu uliyopiga. Kisha unaweza kupeleka suala hilo kwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo ndiyo inasimamia benki na watoa huduma za malipo. Watataka kuona kwamba ulianza kwa kampuni yenyewe, na namba ya dai ndiyo itakayowaonyesha hivyo.

Katika mistari yetu mitatu, mmoja haukuhitaji dai lolote, mmoja ulihitaji tarehe ya kufuta huduma, na mmoja ulihitaji kuzimwa kwa kadi na SMS za usiku mmoja. Fungua taarifa ya kadi yako ya mwezi uliopita. Ukiona jina usilolijua, tafuta kiasi chake kwenye barua pepe kwanza, kisha hesabu siku 120 na uandike tarehe ya mwisho pembeni.